Betri ya Kaseti ya Kidoti

Shangazi yangu alikuwa mtu wa kaseti, na watu wa kaseti hawajui kungoja. Unachomeka gemu kwenye mashine, unabonyeza swichi, picha hiyo hapo. Chumba chake cha gemu kilikuwa na televisheni nne, mabenchi ya mbao, na feni iliyolalamika kuliko wateja.

Diski zilipoingia alizichukia kama mke mwenza. "Gemu gani hii, mpaka ivute pumzi kwanza?" Kila ukifungua mlango, kila ukibadilisha uwanja, skrini inakuwa nyeusi na kukuomba subira. Wateja waliolipia nusu saa wakamjia juu kwamba mashine inawalia muda. Lakini hata mmoja hakurudi kwenye kaseti. Diski moja ilimeza yaliyomo kwenye kaseti zaidi ya mia, ikabaki na nafasi ya nyimbo na sinema. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Shangazi akanunua mashine za diski na kuuza kaseti zake.

Zote isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa ya binti yake, Kidoti, aliyeugua akiwa darasa la sita na hakupona. Kila Jumapili, kabla ya kufungua mlango, shangazi aliichomeka na kuiwasha. Ukatokea ukurasa wa kuchagua safari zilizohifadhiwa, na mstari wa kwanza ukasomeka KIDOTI, na pembeni yake saa alizocheza. Hakuingia ndani ya gemu hata siku moja. Aliutazama mstari ule, akazima, akaenda kufagia. Mimi nilikuwa nakaa kaunta, na mstari ule ulinitisha. Nilijua unategemea kitu kidogo mno.

Kitu chenyewe ni betri bapa ya duara, kama ya saa, iliyounganishwa kwa risasi ya kuyeyusha ndani ya kaseti. Gemu lenyewe liko kwenye chipu isiyofutika. Safari ya mchezaji iko kwenye chipu nyingine, na hiyo inakumbuka kwa nguvu ya betri tu. Betri ikifa, au ikitolewa chipu ikiwa haina umeme mwingine, kumbukumbu zimekwenda. Shangazi alikuwa amempata fundi mzee wa redio wa kuunganisha umeme wa pembeni kwanza, ndipo abadilishe betri. Yule mzee alikuwa amesafiri. "Atarudi," aliniambia. "Mpaka hapo kaseti hii asiiguse mtu."

Hilo aliniambia mimi. Fundi wetu hakuambiwa.

Fundi wetu alikuwa kijana mpole, bingwa wa diski. Lenzi iliyochoka kusoma aliifufua mbele ya macho yako. Amezaliwa gemu ziko kwenye diski, na diski ile haiandikiki. Safari yako unaiweka kwenye kadi ndogo unayochomeka mbele ya mashine. Kwake gemu ni gemu, kumbukumbu ni kadi, na betri ni ya kuendesha saa tu.

Jumamosi shangazi alikwenda kupimwa macho, nami nikatoka kununua nyaya. Niliporudi, harufu ya risasi iliyoyeyushwa ilinipokea mlangoni. Kaseti ya Kidoti ilikuwa imefunguliwa juu ya meza ya fundi.

"Nimemfanyia mama sapraizi," alisema fundi, akitabasamu. "Betri imechoka, nimeipima. Ingevuja ingekula bodi. Nimeweka mpya."

"Na sevu? Safari iliyohifadhiwa?"

"Usihofu, dada. Kabla sijagusa kitu, nimenakili kadi zote za hapa ndani. Sijapoteza hata moja."

Alikuwa amelinda kila kitu isipokuwa kile kimoja, na kwa mapenzi kabisa. Nilitaka kumpiga, na nilimhurumia. Nikafikiria kuificha kaseti, kusema imeibwa. Shangazi akaingia kabla sijaamua, miwani mipya usoni, akaiona betri ya zamani imelala mezani.

Alifunga kaseti kwa mkono wake, skrubu moja moja, akaichomeka, akawasha. Mistari mitatu ikatokea, yote mitupu.

Fundi alitutazama mmoja baada ya mwingine, mpaka akaelewa. "Mama, gemu lenyewe ni zima," alisema. "Nitalicheza upya mimi. Nitaandika jina lilelile, nitafika palepale alipofika. Niambie tu alifika wapi."

Shangazi alikaa kwenye benchi la wateja.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sikuwahi kuingia kutazama."