Kesho Saa

Ujumbe ulifika Ijumaa alasiri, nikauchapa kwenye karatasi kama nilivyozoea. "Nimepata ruhusa kazini. Basi tukutane kesho saa", na hapo ukakatika. Niligeuza karatasi nyuma, kana kwamba saa ingekuwa imejificha huko.

Wakati ule wa vita nilikuwa na kibanda Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, cha kuchapa barua, kupiga simu na kutuma imeli. Aliyeandika alikuwa baba wa jirani yangu, msichana aliyekuwa aolewe kesho yake. Baba huyo alikimbia mwanzoni mwa machafuko, akaishia Brussels, na binti hakuwa amemwona kwa miaka saba. Mpango ulikuwa apige simu kibandani kwangu, na mbele ya shehe na mashahidi amkabidhi mdogo wake uwakili wa kumwozesha bintiye. Asipopatikana kwa simu, mdogo mtu angesimama kwa kukisia tu kwamba kaka yake ameridhia, na binti alikuwa ameshaniambia hataki ndoa ya kukisia.

Nilimwita huyo baba mdogo wa binti, nikamwonyesha. Akasoma, akakunja karatasi, akaitia mfukoni. Nikamwambia tuulize. Akanitazama kama mtu niliyemtukania mamake.

"Ule ni mukubwa wangu, dada. Nikimuuliza saa, ni kama namwambia hajui kuandika. Tutangoja tu, atapiga."

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Nilimwambia simu yangu ni moja, shehe ana mazishi ya kwenda saa saba, na shangazi wa binti naye atapiga kutoka Dar es Salaam kumpa mkono wa heri. Wote wakipiga kwa kubahatisha, mmoja atamfungia mwenzake njia. Alipoondoka nikakaa kwenye mashine, nikaandika kwa jina langu mwenyewe, kwani mimi si mdogo wa mtu. Niliuliza saa ngapi, kwa saa ya wapi, na kama anajua kwamba tutakuwa kibandani, si msikitini, maana simu haina miguu.

Jibu nililikuta Jumamosi asubuhi. Aliomba radhi: dakika za intaneti alizolipia zilimwishia katikati ya neno, na mashine ikatuma hivyo hivyo. Atapiga baada ya adhuhuri, akitoka kuswali.

Baba mdogo alifurahi, akataka kwenda kumwambia shehe aje saa sita na nusu. Hivyo ndivyo tulivyopanga mambo siku zote Buyenzi: baada ya adhuhuri, baada ya alasiri, na hakuna aliyekosa. Hata mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga viti. Ndipo nikakumbuka mteja wangu mmoja aliyesoma Ulaya, aliyekuwa akilalamika kwamba huko, kiangazi, miezi kama ile, jua halijui kuondoka. Kama linachelewa kuzama, basi linachelewa na kufika utosini.

Nikapiga simu Brussels. Aliitika mwenyewe, sauti ya usingizi. Nilimwuliza adhuhuri yao inaingia saa ngapi. Akasema saa nane kasorobo. Kiangazi saa zao na zetu ni zile zile, mishale inalingana, lakini angetoka msikitini wakati shehe wetu yuko makaburini. Nikamwomba apige kabla hajaswali. Akakubali mara moja.

Halafu nikaandika, nikawapelekea wote wawili: "Leo Jumamosi, kibandani, namba ile ile. Baba apige 12h30 ya Brussels, ndiyo 12h30 ya Bujumbura, saa sita na nusu mchana. Shangazi apige 14h00 ya Dar es Salaam, ndiyo 13h00 ya Bujumbura. Jibuni kwamba mmesoma." Shangazi akajibu kwamba amesoma na kwamba namtisha.

Simu ililia saa sita na nusu. Niliweka spika. Sauti ya baba ilijaa kibanda, ikataja jina la binti na la mdogo wake, na mashahidi wakaitikia kwamba wamesikia. Binti alikuwa kwenye kiti cha mashine yangu, hina mikononi, analia bila kujifuta asije akaiharibu. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yangu mwenyewe.

Kabla hajakata, baba aliomba aongee na mimi. Nilidhani atanigombeza kwa kumwamsha.

"Dada, asante. Miaka saba, watu wa kwetu wananipigia, wananiambia ni saa ngapi uko Buja," akasema. "Ni we wa kwanza umeniuliza huku kwangu ni saa ngapi."

Nilimwambia akaswali, bado ana zaidi ya saa nzima.