Asubuhi Ambayo Tanzia Haikusikika

Ukimtaja Mwanapili kwa jina la baba yake, wengi hapa Msambweni watakuuliza ni Mwanapili yupi. Sema Mwanapili wa tanzia, na hata mwenye kibanda cha mbali atakuelekeza redioni. Miaka kumi na minne amekuwa akisoma matangazo ya vifo katika redio ndogo ya jamii iliyo ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Sokoni Kombani, akiuliza tu bei ya nyanya, kuna mtu hugeuka na kusema kwa hofu, "Nani tena?"

Kazi hiyo ana namna yake ya kuifanya. Haridhiki kusema mzee fulani amefariki, basi. Humkalisha aliyeleta habari akamuuliza marehemu ni mwana wa nani, mume wa nani, nduguze ni akina nani na wanakaa wapi. Kisha huwataja wote, mji kwa mji, kwa sababu anajua ndani kabisa ya Kikoneni, ambako simu haishiki, kuna mtu ambaye hatajua kuwa anaitwa mpaka asikie jina lake. Maziko ya Kiislamu hayangoji. Anayefariki Magharibi huzikwa kesho yake Adhuhuri, na aliye mbali sharti ajue alfajiri ili awahi gari.

Na kwa kuwa siku hizo alfajiri redioni hapakuwa na mtu, tanzia ya asubuhi alikuwa akiirekodi jioni. Jina la faili halikubadilika: tanzia asubuhi. Kila jioni huhifadhi mpya juu ya ile ya jana, katika folda ya Matangazo iliyomo ndani ya Documents. Siku isiyo na msiba hurekodi dua fupi. Programu inayorusha vipindi ilionyeshwa mara moja tu, zamani, njia ya kuifikia faili hiyo, na kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari huifuata njia ile ile, ikaichukua na kuirusha. Haikuwa imekosea hata siku moja.

Jumatatu moja mchana, meneja wa redio, Samuel, alimleta Lewis, fundi wa kompyuta kutoka Ukunda. Samuel alitaka nakala za kompyuta ya studio ziwekwe kwenye wingu, ile hifadhi ya mtandaoni, kwani alikuwa amesikia redio moja iliibiwa mashine yake ikapoteza kila kitu. Lewis akafungua akaunti, akaingiza nywila, akabonyeza kukubali kila alipoulizwa, akaizima mashine na kuiwasha. Mwanapili alipokaa kwenye kiti chake aliona alama ndogo za kijani kando ya kila kitu pale Desktop.

"Hizi tiki ni za nini, mwanangu?"

"Usijali, mathe. Hiyo ni kusema ziko safe. Zimebackupiwa."

"Mimi si mathe."

"Pole, madam. Fanya tu vile umekuwa ukifanya. Hakuna kitu imechange."

Jioni ile akaja Swabir kutoka Tiwi, macho mekundu. Baba yake, Mzee Waziri, alikuwa amefariki. Mwanapili akamkalisha, akamuuliza kama kawaida. Kulikuwa na dada mmoja tu aliyebaki, Bi Twaiba, Kikoneni.

"Shangazi hana simu," Swabir alisema. "Jirani mwenye simu nimempigia, hapatikani. Nyumbani wameniambia nisisumbuke. Wewe ukisoma, atasikia. Kila asubuhi redio yake iko wazi."

Mwanapili alirekodi. Alihifadhi palepale anapohifadhi siku zote, akaiona faili imekaa mahali pake na tarehe ya leo, akafunga mlango. Asubuhi alikuwa njiani kwenda Kombani sokoni. Hakusikiliza redio.

Mzee Waziri akazikwa Adhuhuri.

Jumatano, Mwanapili alisikia mtu akipanda ngazi taratibu huku akihema. Alikuwa mwanamke mzee aliyejifunga leso mbili, Swabir nyuma yake. Mwanapili alisimama.

"Shikamoo, bibi."

Bi Twaiba hakuitikia. Aliangalia chumba, akaangalia maikrofoni, halafu akamwangalia yeye.

"Ndiwe Mwanapili wa tanzia?"

"Ndimi, bibi. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Jana asubuhi niliamka, nikafungua redio, nikakuna nazi yangu nikingoja sauti yako. Mkaniwekea taarabu. Nikasema alhamdulillahi, leo hakuna aliyekufa. Nikaimba na mimi. Alasiri kijana wa bodaboda akaniambia pole. Nikamwuliza, pole ya nini? Ndugu yangu amekwisha fukiwa, na mimi niliimba."

Mwanapili alimsogezea kiti. "Bibi, nilisoma. Wallahi nilisoma, na jina lako nililitaja."

"Ulimsomea nani?"

Samuel alitoka ofisini. Alikuwa na simu sikioni, na uso wake ulikuwa umekunjamana kabla hajajua kuna mgeni. "Bi Mwanapili, hoteli inalalamika. Tangazo lao halijatoka siku mbili. Ulifuta kitu?"

"Siku mbili," Mwanapili alirudia. "Siku mbili hakuna tangazo lolote lililotoka, na wewe umejua leo, kwa sababu ya hoteli?"

"Nauliza tu kama ulifuta."

"Mwite Lewis."

Lewis alifika mchana na kofia yake kichwani. Bi Twaiba alikuwa bado amesimama mlangoni, kiti alichosogezewa hakukigusa. Lewis alifungua Documents, akafungua Matangazo, akaonyesha kwa kidole.

"Si hizi hapa? Tanzia ya Jumatatu iko. Adverts za hoteli ziko. Kila kitu iko. Labda madam hakuziweka kwa ratiba."

"Ratiba haijaguswa tangu mwaka ule tuliponunua programu hii," Mwanapili alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Samuel, aliyemzoea, akarudi hatua moja. "Usiniambie kitu kiko. Mwambie huyu bibi kwa nini hakikusikika."

Lewis alifungua kumbukumbu za programu ya kurusha. Jana, kabla ya taarifa ya asubuhi, kulikuwa na mstari mmoja mwekundu: faili haikupatikana, imerukwa. Mstari uliofuata ulikuwa wimbo wa taarabu. Nyimbo zilikaa kwenye diski ya nje, ndiyo sababu zenyewe hazikupatwa na lolote. Chini ya mstari mwekundu iliandikwa njia ambayo programu iliifuata. Lewis aliisoma kwa sauti: "C, Users, Redio, Documents, Matangazo." Akaisoma tena. "Lakini Documents si ndiyo hii?"

Alibonyeza folda, akafungua sifa zake, akatazama mahali ilipo. Njia ilikuwa imebadilika. Kati ya Redio na Documents lilikuwa limeingia jina jingine, la folda ya wingu.

Alivua kofia.

"Nilipoweka akaunti iliniuliza kama nataka ibackup Desktop na Documents. Nikakubali. Nilidhani inachukua nakala tu, inaacha zenyewe pale pale. Kumbe inazihamisha. Ukibonyeza Documents inakupeleka kule mpya, kwa hivyo wewe huoni tofauti. Ile programu ya kurekodi pia imefuata kule. Lakini hii ya kurusha iliandikiwa njia yote, neno kwa neno. Inaenda tu mahali pa zamani, na pa zamani hapana kitu."

"Umehamisha nyumba," Mwanapili alisema, "ukamwacha mgeni anapiga hodi kwenye kiwanja kitupu. Na ukaniambia hakuna kilichobadilika."

"Kwa jina haijabadilika, madam. Ni njia tu."

"Njia tu. Huyu bibi njia hiyo hiyo ndiyo iliyomnyima kumtazama nduguye uso. Mwambie yeye kwamba ni njia tu."

Lewis alirudi kwenye mipangilio ya wingu kwa haraka ya mtu anayetaka kuondoka, akazima ile backup ya Documents. Folda iliyokuwa mbele yao ikafunguka upya. Ilikuwa tupu. Miaka kumi na minne ya sauti, matangazo, vipindi vya wazee, yote hayapo. Imebaki alama moja tu ya njia ya mkato.

Mwanapili aliushika mkono wa Lewis uliokuwa juu ya kipanya na kuuondoa, si kwa upole. "Usiguse tena kitu. Kwanza sema viko wapi."

"Viko kule kule kwa folda ya wingu. Ukizima hairudishi yenyewe. Documents inarudi pa zamani, faili zinabaki kule. Tutazibeba sisi."

"Basi beba. Mimi nakuangalia."

Alifuata ile njia ya mkato, ikampeleka kwenye folda ya wingu, na kweli Matangazo ilikuwamo. Akaikata, akaibandika mahali pa zamani, na Mwanapili akasoma njia yote kwenye skrini, neno kwa neno, kabla ya kumruhusu aendelee. Kisha Lewis akaiambia programu irushe nafasi ya asubuhi, kwa majaribio, ndani ya chumba tu.

Kwa kuwa jana Mwanapili alikuwa amekaa na watoto wa shule katika kipindi chao mpaka usiku na dua hakuirekodi, tanzia ya Jumatatu bado ilikuwa juu. Sauti yake ikatoka, tulivu, kama kwamba haikupotezwa na mtu: "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Mzee Waziri wa Tiwi hatunaye. Akiwa kokote anakosikiliza, anaarifiwa dada yake wa tumbo moja, Bi Twaiba, Kikoneni. Maziko ni leo, baada ya Adhuhuri."

Bi Twaiba alisikiliza mpaka mwisho. Swabir aliangalia sakafu.

"Kumbe uliniita," mama yule alisema.

"Nilikuita, bibi."

"Mkaniita humu ndani, peke yenu."

Akageuka, akashika ukuta, akaanza kushuka ngazi.

Alasiri Samuel alimletea Mwanapili karatasi ya kusoma hewani. Ilisema kulitokea hitilafu ya mitambo iliyo nje ya uwezo wa redio, na wasikilizaji wanaombwa radhi.

"Nje ya uwezo wa nani?" aliuliza Mwanapili.

"Ndivyo husemwa, Bi Mwanapili. Usinitie matatani na bodi."

"Wewe uliagiza. Huyu kijana alikubali alichokuwa hakijui. Hakuna aliyejaribu kurusha hata tangazo moja kabla ya kwenda nyumbani, na mimi nimo. Hayo ndiyo nitakayosoma. Kama hutaki, kasome wewe, useme na jina lako."

Samuel aliitazama karatasi yake, akaikunja na kuitia mfukoni. Jioni Mwanapili alisema hewani kwamba redio ilihamisha folda bila kuangalia, kwamba tanzia ya Mzee Waziri haikurushwa, na kwamba mitambo haikuwa na kosa. Alimtaja Bi Twaiba kwa jina na kumwomba msamaha.

Ijumaa Swabir alipita redioni. Alikuwa ametoka Kikoneni.

"Shangazi amepata salamu zangu?" Mwanapili aliuliza.

"Nimemfikishia mimi. Yeye hakusikia." Swabir alijikuna kidevu. "Redio ameitoa betri. Amezitia kwenye tochi."

Mwanapili alichukua ufunguo wa studio uliokuwa ukutani ofisini mwa Samuel, akautia kwenye mkoba wake. Tangu hapo huwa studioni kabla jua halijachomoza, na tanzia huisoma mwenyewe, maikrofoni ikiwa wazi. Na kila Jumanne, siku aliyozikwa Mzee Waziri, humtaja Bi Twaiba katika dua, kwa jina na kwa mji, ingawa anajua kuwa kule Kikoneni redio imezimwa.