Kurasa Nne kwa Karatasi Moja

Watu husema wivu ni ugonjwa wa wenye ndoa. Waongo hao. Mimi sikuwa na mume wala mchumba nilipouugua, na aliyenitia wivu hakuniibia mwanamume. Aliniibia mtu wa kusoma naye.

Tulikuwa wawili, rafiki yangu na mimi, katika chuo cha ualimu hapa Kamina. Kila mwalimu alikuwa na silabusi yake, yaani maandishi ya somo zima, na siku hizi anaituma kwenye simu. Lakini simu zetu zilikuwa na vioo vilivyopasuka, na umeme ukija leo unakwenda zake kesho. Ilibidi kuchapisha. Tulikuwa tunachapisha nakala moja kwa wawili, kila ukurasa kwenye karatasi yake, halafu tunashuka nayo hadi kandokando ya reli, pale pasipo kelele. Mimi nilisoma kwa sauti, maana nimelelewa Kimethodisti na tangu utotoni nasomeshwa Neno mbele ya watu. Yeye alisikiliza, akatembea, akaniambia, "Rudilia pale." Kisha alinieleza. Mimi nilikuwa na sauti, yeye alikuwa na kichwa. Bila yeye, saikolojia ya mtoto ilikuwa kwangu kelele tupu.

Sikuwahi kusema kwamba napenda hali ile. Nililalamika kila muhula. Nilikuwa nikisema, "Siku moja nitakuwa na silabusi yangu peke yangu, nilale nayo, niimwagie hata chai." Ulimi hauna mfupa.

Katikati ya mwaka akaja mgeni kutoka Malemba-Nkulu. Familia yake ilikimbia vita vya kule, ikafikia kwa shangazi yao. Alikuwa mwembamba, mpole, na viatu vyake havikushika vumbi hata siku moja, jambo ambalo katika Kamina hii yetu ya udongo mwekundu ni uchawi. Alikaa benchi la mbele yetu. Siku ile tulikuwa tunanung'unika juu ya silabusi mpya, nene kama tofali, akageuka.

"Muko nafanya ku karatashi moja page moja?" akauliza. "Juu ya nini? Wekeni ine."

"Ine namna gani?" rafiki yangu akamwuliza.

"Ine ku uso moja. Na nyuma ine. Karatashi moja inabeba munane. Papa wa sekretaria anahesabiaka uso, hahesabie maneno."

Sekretaria ni kile kibanda karibu na stesheni, chenye kompyuta moja, mashine moja ya kuchapa na jenereta inayokohoa. Tulikuwa tukienda pale tangu mwaka wa kwanza, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kurasa zinaweza kupunguzwa zikae nyingi kwenye karatasi moja. Yule papa, mzee mwenye kibanda, hakuwa na sababu ya kutuambia. Mgeni alilijua hilo kwa sababu kule kwao alikuwa akimchapishia padri wa parokia karatasi za nyimbo.

Rafiki yangu alipiga makofi. "Basi kila mutu na yake!" akasema.

Kila mtu na yake. Wote walilisikia neno lile kama habari njema. Mimi nililisikia kama mlango unaofungwa. Kama kila mtu ana yake, nani atanihitaji nimsomee?

Rafiki yangu alichapisha yake jioni ileile. Mimi nilikataa. Nilisema herufi ni ndogo kama mayai ya chawa, na nitakuja kuvaa miwani kabla sijavaa pete. Nilisema kweli, herufi zilikuwa ndogo. Lakini wivu una akili kuliko mwenye wivu, na hapo ndipo uliponicheka. Kwa sababu herufi zilikuwa ndogo, ilibidi waziinamie. Niliwaona kesho yake kwenye benchi, rafiki yangu na mgeni, vichwa vimegusana juu ya karatasi moja, wakifuata mstari kwa kijiti cha kiberiti. Sisi wawili, na herufi zetu kubwa, hatukuwahi kukaa karibu hivyo. Roho iliniuma, siwezi kuficha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mimi mwenyeji nilizidi kuugua.

Nikaanza kumtafutia mgeni kosa, na siku moja nikalipata. Nilichukua karatasi ya rafiki yangu, nikasoma ule ukurasa wa juu kushoto, nikavuka kwenda wa juu kulia. Maneno hayakuungana. Mtoto wa miezi sita alikuwa anatambaa, ghafla akawa anabishana na wazazi.

"Tazameni!" nikasema darasa zima lisikie. "Kurasa zimechanganyika! Njo mambo ya kubania karatashi haya!"

Mgeni hakukasirika. Alikuja, akaweka kidole juu kushoto, akakishusha chini, kisha akakipandisha juu kulia na kukishusha tena.

"Yaya, haijachanganyika," akasema, akiniita dada mkubwa. "Ile mashine iliwekwa ya kushuka, haivuke. Moko, mbili chini yake, alafu unapanda, tatu, ine. Tuliona kisha ya kuchapa. Tulizobelea."

Tulizoea. Yaani yeye na rafiki yangu. Darasa lilicheka, na rafiki yangu alicheka nao, si kwa ubaya, lakini alicheka. Nikarudi mahali pangu na silabusi sina.

Basi nikawa nasoma kwa kuazima, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kandokando ya reli peke yangu. Sauti yangu ilirudi kwangu bila mtu wa kusema rudilia pale. Rafiki yangu aliniita mara nyingi. "Kuya tusome batatu," alisema. Nilimjibu kwamba nina kazi nyumbani, kwamba mama ananisubiri nitwange sombe, yale majani ya mihogo. Mama hakuwa ananisubiri. Niliogopa kukaa wa tatu kwenye karatasi ambayo hata wawili walibanana.

Mtihani ukakaribia. Alasiri moja nilipita stesheni kununua samaki waliotoka Bukama kwa treni, nikawaona wawili hao ndani ya sekretaria, mbele ya kompyuta. Nikanunua samaki, nikapiga hesabu ya vitunguu, nikarudi, bado wapo. Rafiki yangu anataja kitu, mgeni anabonyeza, wanacheka. Nikajiambia kwamba sasa wamehamia kabisa, wanafanya silabusi yao mpya, na mimi nitaisikia harufu tu. Samaki niliwakaanga siku ile mpaka wakaungua.

Kesho yake rafiki yangu akaja nyumbani. Mkononi alikuwa na kijitabu cha nusu karatasi, kimeshonwa kwa uzi.

"Hii yako," akasema.

Nikakifungua. Ilikuwa silabusi, ukurasa mmoja mmoja, herufi ndogo kiasi lakini za kusomeka, mbele na nyuma.

"Ulipataje?"

"Tulitia page mbili ku karatashi. Lakini ile ile mara mbili. Mu kile kisanduku cha namba za ma-page unaandika moko, moko, mbili, mbili, tatu, tatu, mupaka mwisho. Karatashi inatoka na mapacha. Unaikata katikati, unapata silabusi mbili." Akanyoosha mgongo. "Kuandika zile namba njo kulitumaliza. Vidole bilikufa."

Kumbe ndiyo kazi ya alasiri ile. Nilifurahi mpaka nikaona haya, lakini furaha yangu ilikuwa na miguu mifupi.

"Na pacha mwingine?" nikauliza. "Wako?"

"Minyi niko na yangu ya ine, macho ilizobelea. Pacha iko kwa mugeni. Yake ya ine alimupa mudogo wake achezee." Akanitazama sawasawa. "Weye na yeye, mulitoka ku karatashi moja."

Alipoondoka nilikaa na kile kijitabu mapajani. Nilikuwa na silabusi yangu peke yangu, kama nilivyokuwa nikiimba miaka yote. Nikajaribu kusoma. Karatasi za mwanzo zilikuwa nzuri. Kisha nikafika zile za mwisho, sura ambayo mwalimu alisema lazima itatoka kwenye mtihani. Rafiki yangu alikuwa amekata rundo zima mara moja kwa wembe, na karatasi za chini ziliteleza. Wembe ulikwenda upande ukaingia kwenye kurasa zangu. Chini, upande wa mbele, miisho ya mistari haikuwapo. Nikageuza. Upande wa nyuma mistari ilikosa mianzo. "Mtoto asipopata upendo wa," na basi. Upendo wa nani? Kipande changu kilikuwa kwa pacha.

Nilimlaani rafiki yangu, nikaulaani wembe, nikaenda.

Nilimkuta mgeni kwa shangazi yake, kwenye mkeka, amekwishakifungua kijitabu mahali penyewe. Karatasi zake za mwisho zilikuwa pana chini, zimebeba ule mkia wa maneno yangu pembeni.

"Nilijua utakuya," akasema. "Nilifikiri kukuletea, nikaogopa. Unaniangaliaka mubaya."

Nilivua viatu kando ya mkeka. Nikaketi.

"Yeye alisema weye iko na sauti," akasema. "Anasemaka kila siku. Alisema hakuna mutu anasomaka sawa weye. Minyi nasoma nasikia usingizi. Soma, pahali inakatikia nitakumalizia."

Kila siku. Nilikohoa kidogo, nikasoma. Nilipofika kwenye ukingo uliokatwa nilinyamaza, naye akaweka neno lililobaki, nami nikaendelea. Mwanzoni tuligongana kama watu wawili mlangoni. Baadaye tukapata mwendo wetu. Ukurasa wa nyuma yeye ndiye alianza mstari, mimi nikaumaliza. Mara moja alinisimamisha. "Rudilia pale," akasema, akanieleza jambo la mtoto na mama kwa kunisimulia habari ya mdogo wake walipokuwa njiani wakikimbia, na nililielewa kuliko nilivyowahi kuelewa chochote kandokando ya reli.

Hatukumwona rafiki yangu akiingia uani. Nilipoinua macho alikuwa amesimama kwenye jua, karatasi zake za nne nne zimekunjwa kwapani.

"Aa," akasema. "Mulianza bila minyi?"

Alikuwa anatabasamu, lakini sauti ile naijua. Nimeibeba miezi mingapi kooni, singekosa kuitambua katika koo la mwingine. Alitazama vijitabu viwili vilivyolala ubavu kwa ubavu, ukingo kwa ukingo, kisha akatazama mahali pa kukaa. Mkeka ulikuwa mdogo.

Nilimaliza ukurasa kwanza, ndipo nikasogea.