Picha Mbili Zisizopandana

Jina la Bi Senti nilimpa mimi, na sijutii. Ni wifi yangu, mke wa kaka, na kazi yake ni kutunza hesabu za vikundi na maduka madogo. Meza yake iko ndani ya duka langu la kunakili na kuchapa, pembeni ya mashine kubwa. Kodi halipi. Nikimdai ananiambia kaka yangu ameshalipa mahari, nimdai yeye. Lakini mtu huyu senti moja ikipungua chakula hakimpiti kooni, na kwa sababu hiyo watu humwamini kuliko wanavyoniamini mimi niliyezaliwa hapa.

Umoja wa mafundi cherehani ndio uliomletea balaa. Mweka hazina wao ni mzee mmoja tunayemwita Mzee Pindo, maana akikupinda suruali hutauona uzi. Yeye hupokea michango, huandika risiti, hupeleka fedha benki. Mwenyekiti alitaka kujua kama fedha zote za risiti zimefika. Karatasi ya benki, ndefu kama shuka, alikataa isitoke nyumbani kwake, akaipiga picha kwa simu na kututumia.

Sasa, picha zenyewe. Karatasi haikuenea kwenye picha moja, hivyo aliipiga vipandevipande, akishuka kutoka juu hadi chini. Tena upana nao haukuenea, kwa hiyo kila kipande kilikuwa na picha mbili: ya kushoto yenye tarehe, maelezo na kiasi, na ya kulia yenye kiasi tena pamoja na safu ya salio. Vipande vilipandana. Mistari ya chini ya picha moja ilijirudia juu ya picha inayofuata, wakati mwingine miwili, wakati mwingine mmoja. Ukihesabu bila kuangalia, mchango mmoja utauhesabu mara mbili.

Bi Senti hilo alilijua. Ilikuwa Ijumaa, mtoto wake ana homa, Mwenyekiti anapiga simu kila akimeza mate. Aliulizwa michango tu, naye akafuata michango tu. Alichukua picha za kushoto, akakata kila mstari uliojirudia, akajumlisha, akalinganisha na risiti. Zilipungua elfu arobaini na tano.

"Umehakikisha?" nilimuuliza.

"Wifi, lini nimewahi kukupa hesabu mbovu?"

Akampigia Mwenyekiti, akamwambia risiti zimezidi benki kwa kiasi hicho. Hakusema mtu ameiba. Lakini kwa watu wa umoja ule hapakuhitajika mtu wa kusema. Jioni hiyohiyo walikuwa wameshaamua: Mzee Pindo ajieleze Jumatatu mchana au aondoke.

Jumatatu asubuhi Bi Senti alifika kabla sijamaliza kufagia. Mtoto alikuwa amepoa, lakini yeye ndiye aliyeonekana mgonjwa. Aliniambia nimchapie picha zote, za kushoto na za kulia, kwa karatasi kubwa.

"Wino wangu huo," nikasema.

"Chapa."

Nikachapa. Akaziunganisha kwa gundi ya karatasi juu ya sakafu, safu kwa safu. Za kushoto na za kulia alizioanisha kwa kiasi, kwa kuwa safu hiyo ilikuwa pande zote mbili. Kisha, bila kurudisha mistari aliyoikata, akaanza na salio la mwanzo, akiongeza kilichoingia na kutoa kilichotoka, kama alivyopaswa kufanya Ijumaa. Alipofika mwisho, hesabu yake ilisema laki sita na nane elfu na mia tatu. Benki ilisema laki sita hamsini na tatu elfu na mia tatu.

"Benki ina zaidi yangu kwa elfu arobaini na tano," alisema. "Na benki haigawi zawadi."

Akarudi juu, akishuka mstari mmoja mmoja na kidole, akiangalia ni wapi salio lake linaachana na la benki. Lilikwenda sawa hadi mwisho wa kipande cha tatu. Pale palikuwa na mchango wa elfu arobaini na tano, na salio laki nne thelathini na moja elfu na mia tano. Juu ya kipande cha nne palikuwa na mchango wa elfu arobaini na tano, tarehe ileile, maelezo yaleyale. Ndio aliokuwa ameukata Ijumaa akidhani ni uleule. Sasa alitazama picha ya kulia. Salio la mstari huo lilikuwa laki nne sabini na sita elfu na mia tano.

Hata mimi nisiyejua hesabu nililiona. Mstari uliojirudia hurudi na salio lake. Huu ulikuja na salio jipya, lililozidi la kwanza kwa kiasi cha mchango kamili, kwa hiyo hapakuwa na kilichorudiwa wala kilichorukwa. Mzee Pindo alikwenda benki mara mbili siku ile. Vipande vingine vyote vilipandana. Hivi viwili vilikutana tu ukingoni, na wifi yangu alikuwa ameshazoea kukata.

Hakulia. Alikunja karatasi zile akatoka na kandambili za dukani kwangu. Nilifunga duka nikamfuata.

Mzee Pindo alikuwa karakanani kwake, anashona kwa cherehani ya mguu. Mashine ya umeme ya kufunga pindo, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimlisha, haikuwepo. Sakafuni palibaki mraba safi usio na vumbi.

"Karibuni wanangu," alisema. "Nimeshalipa. Nimepeleka benki asubuhi hii."

"Baba, kwa nini hukubisha?" Bi Senti aliuliza. "Ulijua huna deni."

"Nilijua vipi? Nilikumbuka kwenda mara mbili, ndiyo. Lakini mama watoto ananiambia siku hizi nasahau. Juzi niliacha ufunguo mlangoni. Nikasema, huyu binti hakosei, basi ni mimi. Akili inaniondoka."

Wifi yangu alipiga magoti, akatandaza karatasi pale palipokuwa na mashine, akamwonyesha mistari miwili na salio lake kila mmoja. Mzee alivaa miwani, akasoma kwa sauti, akarudia. Kisha akavua miwani.

"Kwa hiyo nilikwenda mara mbili."

"Ulikwenda, baba. Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe."

Mzee alicheka huku machozi yanamtoka, akamwita mkewe kutoka uani aje asikie kwamba akili yake ni nzima. Habari ya mashine hakuigusa kabisa. Hapo ndipo Bi Senti alipolia.

Mchana tulikaa mkutanoni. Alisimama akasema kosa ni lake, akaonyesha lilipo, na Umoja ukakubali kurudisha fedha. Mnunuzi wa mashine alikuwa ameshaondoka nayo. Mwenyekiti hakuridhika haraka.

"Kama hakula hela," aliuliza, "kwa nini alilipa?"

"Alilipa kwa kuwa aliniamini mimi kuliko alivyojiamini yeye," Bi Senti alijibu. "Mashine nitanunua mimi."

Mzee Pindo alisema hapana, tena kwa ukali. Wifi yangu alikaa chini. Mwisho wa mwezi ule alinilipa kodi ya meza kwa mara ya kwanza, pungufu, akaniomba nimvumilie hadi amalize kulipia mashine ya Mzee Pindo.