Dalali na Mrija wa Puani

Mtaani walimwita Fundi, na hakuna aliyejisumbua kutafuta jina lake lingine. Alishona sare, mapazia, na nguo za watu waliokuja kupimwa wakiwa wamebana pumzi ili kiuno kionekane chembamba. Fundi alipima, akaongeza vidole viwili bila kusema, na mteja akaondoka akisifu kitambaa. Ndivyo alivyoishi na watu, akiwafichia kidogo wasiumie.

Kelele za nyumba zilikuwa za mume wake. Huyo alikuwa dalali wa mnada, mtu wa kukuuzia kabati bovu ukamshukuru, na ukirudi kulalamika akakuuzia na meza. Kisha kiharusi kikampiga asubuhi moja akiwa anafunga viatu. Upande wa kulia ulilegea, maneno yakakatika, na koo likasahau kazi yake.

Mtaalamu wa kumeza alikuja wodini akampa Dalali maji kijiko kimoja kimoja. Fundi alifurahi kuona hakohoi. Yule mtaalamu hakufurahi. Alimwambia Dalali atoe sauti, ikatoka imelowa, kama mtu anayesema huku anasukutua. Akaeleza kwamba maji yanaingia njia ya hewa na mwili haushtuki, kwa hiyo anapaliwa bila hata kikohozi. Shemeji, mdogo wake Dalali, alisema hiyo lazima ni makosa, kaka yake hajawahi kufanya jambo lolote kimyakimya tangu azaliwe. Walicheka, halafu wakakoma wote kwa pamoja.

Hapo ndipo mrija ulipopitishwa puani hadi tumboni, ukabandikwa plasta shavuni. Daktari wa wodi, binti mwenye macho ya kukosa usingizi, aliwaeleza njia mbili. Mrija wa puani ni wa muda mfupi, wiki nne hivi, ukizidi sana sita, kwa sababu unachubua pua na koo na unachomoka ovyo. Kama safari ni ndefu, wanatoboa tundu dogo tumboni, mrija unapita hapo. Na alipokuwa akiandika kwenye faili hatari ya kupaliwa na muda unaotarajiwa wa kutumia mrija, Fundi aliuliza anaandika nini.

Hatari aliandika kubwa. Kwenye muda akasita. Fundi akaanza kumbembeleza aandike mfupi. Aliona wazi kwamba neno "ndefu" likishaandikwa, watu watamtazama mume wake kwa jicho la kuaga. Daktari alisema bado ni mapema, wengine koo huamka wiki za kwanza, kwa hiyo ataandika chini ya wiki nne, kisha wapime upya. Fundi alisikia "chini ya wiki nne". Ile "kisha" ilipita juu ya kichwa chake.

Tangu siku hiyo alilinda maneno yale kama mtu anayelinda kiwanja chenye kesi.

Taabu ni kwamba Dalali alichukia ule mrija. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzima, na ulijua njia ya puani. Aliuchomoa, ukarudishwa, akauchomoa tena. Kila mara kuurudisha ilikuwa vita, macho yanamtoka, machozi yanashuka. Wauguzi walianza kusema kwamba mtu anayechomoa hivi afikiriwe ule wa tumboni, na wiki nazo zilikuwa zinakwenda ukingoni.

Kwa hiyo siku Fundi alipomkuta ameuvuta, plasta inaning'inia na ile alama nyeusi ya mrija, inayotakiwa kukaa mlangoni mwa pua, imeshuka mbali na tundu, hakuita mtu. Muuguzi alikuwa kitanda cha mwisho. Fundi aliusukuma mrija taratibu, kama mtu anayerudisha uzi ndani ya pindo, mpaka alama ikakaa palepale puani. Akabandika plasta mpya, nadhifu kuliko ya hospitali. Dalali alikunja uso tu.

Saa ya chakula Sista, muuguzi wa zamu, alikuja. Kabla ya kumimina chochote alivuta kidogo kutoka mrijani kwa bomba la sindano ili aone kama kinachotoka ni cha tumboni, akadondoshea kwenye karatasi ya kupimia asidi. Karatasi haikubadilika ilivyotakiwa. Akamgeuza Dalali ubavu, akavuta tena. Yale yale.

"Alama ipo mahali pake," Fundi alisema.

"Alama naiona, mama. Ila alama iko nje. Mimi nataka kujua ncha iko wapi." Akatazama ile plasta. "Hii umebandika wewe?"

Fundi alisema ilikuwa imelegea tu. Sista alikifunika chakula, akaomba picha ya kifua.

Picha ilionyesha mrija umejikunja kwenye umio, njia ya chakula, ncha imegeuka na kutazama juu, kooni. Daktari alimwonyesha kwa kidole. Kile chakula kingemwagika pale, na kutoka pale kingetelemkia mapafuni, na Dalali asingekohoa. Sehemu ya chini ya pafu la kulia tayari ilikuwa na doa jeupe, dalili ya maambukizi. Hilo, daktari alisema, halikutoka kwenye mrija wa leo. Pengine ni mate yake mwenyewe, yamekuwa yakiingia siku nyingi.

Fundi akasema yote. Alivyosukuma, na kwa nini.

"Ningemuua," Fundi alisema.

Daktari alivuta kiti.

"Mrija wa tumboni haumzuii kupaliwa," alisema. "Nisikudanganye. Mate yatabaki, na chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni. Bado atalishwa akiwa ameinuliwa, na atakaa hivyo baada ya kula. Na kutoboa nako kuna hatari zake, damu, kidonda kuoza. Ninachosema ni kwamba koo halijaamka, tumelipima tena jana, na huu wa puani hakai nao. Kila tukiurudisha ni bahati nasibu."

"Na koo likiamka?"

"Tunautoa. Tundu huziba."

Sista ndiye aliyeuliza kama mgonjwa mwenyewe ameshaulizwa. Wote waligeuka kumtazama Dalali, mwenye pua yake. Maneno alikosa, lakini kuelewa hakukosa. Daktari aliinama, akamweleza pole pole, jambo moja moja, akiinua mrija ili auone, kisha akimgusa tumboni. Akamuuliza anataka kipi. Dalali aliuondoa mkono wa daktari tumboni. Kisha Dalali akaweka wake mwenyewe palepale, akaukandamiza. Daktari akauliza tena kwa kugeuza swali, asije akawa amekubali tu. Mkono ulibaki pale.

Haikuwa kesho yake. Kifua kilitakiwa kutibiwa kwanza, na mpaka hapo mrija mpya wa puani ungepitishwa, picha ipigwe, na mkono wa kushoto uvikwe glavu nene. Fundi aliulizwa kama ataweza kutazama. Alikaa.

Alipomaliza kuupitisha, daktari alifungua faili. Hatari ya kupaliwa, kubwa, mate yakiwemo. Muda unaotarajiwa, aliandika zaidi ya wiki sita, mwisho haujulikani, kumeza kupimwa tena kila mwezi. Alisoma kwa sauti, akasubiri, kalamu bado iko juu ya karatasi, kana kwamba anajua atakachoombwa.

Dalali alikuwa anahema kwa sauti ile iliyolowa. Fundi alimsikiliza kwa muda.

"Iache hivyo," alisema.