Wadhamini Wawili kwa Miguu Yao

Ujumbe uliingia Fundi Ngazi akimenya vitunguu, basi hakuna aliyejua analilia nini. Duka dogo la mapazia lilimwita kwenye usaili: Jumanne, saa tatu asubuhi, chumba kilicho juu ya duka la dawa, dakika ishirini. Aje na kitambulisho, vyeti halisi na nakala zake, pamoja na majina na namba za simu za wadhamini wawili wasio ndugu. Mwenye swali apige namba ya hapo chini.

Tangu hoteli aliyokuwa akiitundikia mapazia ifungwe, Ngazi na mkewe walikuwa wakiishi kwa mama mkwe, na tonge la ukweni lina macho. Kazi hii aliitaka kufa na kupona. Ila mabosi wake wa zamani walikuwa wametawanyika na namba zao hazipatikani. Akabaki na shangazi yake aliyemlea na huyo huyo mama mkwe.

"Jina langu liende peke yake kwa watu?" mama mkwe aling'aka. "Litasema nini? Nakwenda mwenyewe."

"Na mimi," shangazi akadakia.

"Ngoja basi nipige simu niulize kama inaruhusiwa."

"Ukiuliza watakataa," shangazi alisema, akaikalia simu.

Jumanne wakapanda ngazi watatu. Mwenye duka, mama mwenye sindano zilizochomekwa kolani, aliwatazama mmoja mmoja.

"Namba ya simu tuliiweka ya nini jamani? Na tumesema wasio ndugu."

"Mimi si ndugu yake," mama mkwe alijibu upesi. "Mimi ni mama mkwe."

Mwenye duka akauma midomo asicheke. Shangazi alishaanza: mtoto huyu alitembea mapema, surua ilimpata vibaya, hakuwahi kuiba sukari ila mara moja. Alipofika kwenye jino la kwanza, dakika ishirini zilikuwa zimeyoyoma, na hakuna aliyefungua vyeti. Ngazi alitamani ardhi ipasuke.

Mwenye duka akamgeukia mama mkwe. "Nyumbani kwako mapazia alitundika nani?"

"Huyu."

"Yakoje?"

Mama mkwe alikunja mkoba, akaukunjua.

"Kila asubuhi nayavuta kwa nguvu zote," alisema mwishowe, "angalau bomba la pazia lichomoke ukutani nipate la kusema. Halichomoki."

Katika miaka yote ya ndoa yake Ngazi hakuwahi kusifiwa na mwanamke yule, na sasa alifurahi mpaka akaogopa.

"Jumatatu uanze kwa majaribio," mwenye duka alisema, akifuta machozi ya kicheko. "Vyeti niachie nakala. Wadhamini wabaki nyumbani."

Wakishuka, mama mkwe alimpa Ngazi mkoba wake ambebee.

"Usivimbe kichwa. Kesho nayavuta tena."

"Vuta tu, mama."