Ohm Ishirini na Sita

Karatasi yangu ya mtihani ilirudi na sifuri kwenye swali la nne, na sifuri yenyewe ilikuwa imezungushiwa kalamu nyekundu mara mbili. Swali hilo lilibeba alama ishirini. Bila hizo nilikuwa nimeanguka, na aliyeanguka mtihani wa ndani hakuruhusiwa kukalia ule wa taifa. Ningerudia muhula mzima.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Darasa letu la umeme, katika chuo kimoja cha kiufundi mjini Nyeri, lilikuwa na wanafunzi ishirini na wanane, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kuliko wote. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na miwili katika kiwanda cha majani chai upande wa Kangari, nikigeuza majani mabichi kwenye vitanda vya kuyanyausha. Feni zilipokufa, mafundi wa umeme walikuja na sisi wanawake tukaambiwa tusogee nyuma. Nilisogea, lakini sikuacha kutazama. Siku moja nilimwambia fundi kwamba waya mmoja umeungua nyuma ya swichi, akacheka, akahangaika hadi saa nane mchana, kisha akaukuta palepale nilipomwonyesha. Mwaka uliofuata niliacha kazi na kuja Nyeri. Watu wa kwetu walisema nimechanganyikiwa. Niliwaacha waseme.

Kwa hiyo sifuri ile haikunitisha. Ilinikasirisha.

Swali lilikuwa hivi. Kuna rezista tano, vipande vinavyozuia mkondo kwa kipimo cha ohm, zilizoungwa kwa umbo la daraja. Umeme unaingia juu na kutoka chini. Kutoka juu kuna njia mbili: ya kushoto ina rezista ya ohm ishirini kisha ya ohm tisini, na ya kulia ina ya ohm thelathini kisha ya ohm kumi. Katikati, rezista ya ohm hamsini inaunganisha njia hizo mbili, kama ubao uliolazwa juu ya mto. Tafuta ukinzani wa mtandao mzima.

Ugumu wake ni huo ubao wa katikati. Bila huo, unajumlisha kila upande, kisha unaziweka pande mbili sambamba na kazi imeisha. Ukiwepo, hakuna rezista mbili zilizofuatana moja kwa moja wala zilizo sambamba, na kanuni za kawaida hazina pa kushika.

Mimi nilikuwa nimesoma njia ya kutoka humo katika kitabu cha maktaba, sura ambayo mwalimu wetu aliiruka. Rezista tatu za juu, yaani ishirini, thelathini na hamsini, zinafanya pembetatu. Pembetatu hiyo ina pembe tatu tu zinazogusana na sehemu nyingine. Ukiifunika kwa sanduku ukaacha pembe hizo tatu nje, mtu wa nje hawezi kujua kama ndani kuna pembetatu au kuna nyota ya mikono mitatu inayokutana katikati, mradi mikono hiyo iwe na vipimo sawasawa. Basi unaondoa pembetatu na kuweka nyota. Mkono wa kila pembe unaupata kwa kuzidisha rezista mbili zinazokutana kwenye pembe hiyo, kisha unagawanya kwa jumla ya zote tatu.

Jumla ilikuwa mia moja. Mkono wa juu: ishirini mara thelathini, gawanya kwa mia, ni sita. Wa kushoto: ishirini mara hamsini, gawanya kwa mia, ni kumi. Wa kulia: thelathini mara hamsini, gawanya kwa mia, ni kumi na tano. Baada ya hapo daraja limekwisha. Kushoto ni kumi na tisini, mia moja. Kulia ni kumi na tano jumlisha kumi, ishirini na tano. Hizo mbili zikiwa sambamba, unazidisha moja kwa nyingine na kugawanya kwa jumla yao, ni ishirini. Ongeza sita za juu. Ishirini na sita.

Mwongozo wa kusahihisha ulisema ishirini na tisa nukta tatu.

Nilimfuata mwalimu nje ya darasa. Alikuwa mtu mpole, amefundisha nadharia ya umeme miaka mingi, na sikuwahi kumsikia akimtukana mwanafunzi. Alinieleza kwa upole uleule kwamba kwenye daraja rezista ya kati haibebi mkondo, kwa hiyo unaitoa na kuisahau. Kushoto ni mia na kumi, kulia ni arobaini, ziweke sambamba. Nikamwambia hilo ni kweli tu daraja likiwa limesawazika, na hili halijasawazika: ishirini mara kumi ni mia mbili, thelathini mara tisini ni elfu mbili na mia saba. Zingekuwa sawa ndipo ya kati ingelala.

Akaitazama karatasi yangu. Akasema nyota na pembetatu ni mambo ya kuwasha mota, tutayafikia mwaka ujao.

"Mama," aliniambia, "umejitahidi. Lakini usijipee kazi ya kunifundisha. Weka sahihi hapa tumalize."

Ilikuwa fomu ya kukubali matokeo. Wenzangu wote walikuwa wametia sahihi. Nilimrudishia kalamu yake.

Darasani watu watatu wengine walikuwa wamesoma kitabu kile, wakaandika ishirini na sita na kupata sifuri kama mimi. Niliwaomba twende pamoja kwa mkuu wa idara. Mmoja alisema hataki kujulikana. Wawili walisema watafikiria, na nikajua maana yake. Hata binti niliyekaa naye chumba kimoja kule Majengo, mtoto wa wakulima wa upande wa Meru aliyekuwa akinisaidia hesabu muhula wa kwanza, alinisihi niache. Yeye alikuwa ameandika ishirini na tisa nukta tatu na kupata alama zote. Alisema hapo chuoni watu wa aina yangu hupewa jina, na jina haliondoki. Nikamwambia jina nilishapewa tangu kiwandani.

Nilikwenda peke yangu.

Mkuu wa idara alikuwa mwanamke wa makamo aliyezungumza akiendelea kupanga mafaili. Alinisikiliza hadi mwisho. Alisema hawezi kubadilisha mwongozo kwa sababu ya kitabu kimoja na mwanafunzi mmoja. Kisha akaniuliza, "Uko na kitu naweza kuona kwa macho?"

Nikasema nitakuwa nacho Jumatatu.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa fundi wa redio karibu na msikiti wa Majengo. Duka lake lilikuwa pana kama mlango, na spika zilizokufa zilikuwa zimepangwa hadi darini. Nilimwomba rezista ishirini za ohm kumi kumi. Aliuliza nataka kutengeneza kitu gani kinachohitaji ishirini za aina moja. Nilipomweleza alivuta droo na kuanza kuzichambua mwenyewe, akitafuta mistari ya kahawia, nyeusi na nyeusi, alama ya ohm kumi, na kila moja aliipima kwa mita kabla ya kunipa. Zilizopotoka kipimo alizitupa pembeni. Alisema kama naenda kubishana na walimu nisibebe vitu vya uongo.

Hesabu ya rezista hizo ilikuwa rahisi. Mbili zikifuatana ni ishirini, tatu ni thelathini, tano ni hamsini, tisa ni tisini, na moja inabaki kumi. Ishirini kamili. Nilipata kipande cha ubao, nikafunga skrubu nne za shaba, juu, chini, kushoto na kulia, nikachomelea minyororo yangu ya rezista kati ya skrubu hizo. Mnyororo wa katikati niliuchomelea upande mmoja tu. Upande wa pili niliutia klipu, ili uweze kubanwa na kubanduliwa.

Jumatatu ilikuwa na baridi ya Julai, ile ya ukungu unaokaa hadi saa tano. Karakana ilikuwa imejaa. Mkuu wa idara alikuwa amemwita mwalimu, na wanafunzi walikuwa wamejiita wenyewe. Niliweka ubao mezani. Nilimwomba mwalimu atumie mita ya chuo, si yangu, na azihesabu rezista kwanza. Alizihesabu. Aligusanisha ncha za mita, ikasoma sifuri nukta tatu, ukinzani wa waya zake zenyewe. Kisha akaweka ncha moja juu na nyingine chini.

Ishirini na sita nukta tatu. Toa zile sifuri nukta tatu za waya.

Alibonyeza ncha kwa nguvu zaidi, namba haikusogea.

"Sasa bandua klipu ya katikati, mwalimu," nilisema. "Ulisema haibebi mkondo. Ikiwa haibebi, kuitoa hakubadilishi kitu."

Aliibandua. Mita ikapanda hadi ishirini na tisa nukta sita. Ukitoa za waya, ni jibu la mwongozo wake, bila kupungua. Akaibana tena, ikashuka hadi ishirini na sita nukta tatu. Alifanya hivyo mara nne. Karakana nzima ilikuwa ikitazama namba zikipanda na kushuka.

Mkuu wa idara aliomba faili la mitihani ya zamani. Ilichukua dakika chache kuona kilichotokea. Swali lilikuwa la mwaka uliopita, na mwaka huo daraja lilikuwa limesawazika, ya kati ilitolewa kwa haki. Mwaka wetu namba zilibadilishwa ili watu wasinakili, lakini njia ya kujibu ikaachwa ilivyokuwa. Mwalimu alisoma karatasi zote mbili akiwa amesimama. Kisha akaniambia, mbele ya watu, kwamba jibu langu lilikuwa sahihi na kwamba sura ile ataifundisha wiki hiyo. Sikutarajia aseme hivyo mbele ya watu. Nilimheshimu kwa hilo, na bado namheshimu.

Alisahihisha karatasi upya. Sisi wanne tukapata alama zetu. Wale watatu hawakuwahi kunitajia jambo hilo.

Lakini mwongozo ukibadilika unabadilika kwa wote. Kumi na mmoja waliokuwa wamepewa alama zote walizipoteza, na sita kati yao wakaanguka. Mwenzangu wa chumba alikuwa mmoja wa hao sita. Jioni hiyo alipika chai ya kikombe kimoja. Baada ya wiki alipata chumba Gatitu, akahamisha vitu vyake nikiwa darasani, na ufunguo akauacha kwa mwenye nyumba.

Kwa kuwa kosa halikuwa lao, wale sita hawakurudishwa muhula, walipangiwa mtihani wa marudio. Niliwatangazia kwamba kila siku saa kumi nitakuwa karakanani na ubao wangu, atakaye aje. Walikuja watano. Niliwafundisha hadi kila mmoja akaweza kuondoa pembetatu na kuweka nyota bila kuangalia daftari, kisha niliwalazimisha wapime kwa mita wasije wakaniamini mimi tu. Mwenzangu wa chumba hakuja. Alijifunza peke yake huko Gatitu, akafaulu kuliko wote watano, na nilifurahi sana, ingawa hakunipa nafasi ya kumwambia.

Dada yangu aliposikia habari hizi alisema ningeweza kunyamaza baada ya kupata alama zangu, nikaomba mkuu wa idara aache za wengine zilivyo. Huenda angekubali. Sikuomba. Kama watu hao siku moja watafunga waya kwenye kiwanda ambamo wanawake wamesimama karibu na mashine, nataka wajue kwamba ile ya katikati inabeba mkondo.